Kimo kinachopungua baada ya mbio ndefu au kubeba magunia: hurudi baada ya muda gani?

KaruraAlfajiri

Wanajukwaa, hamjambo. Nina jambo ambalo ningependa lijibiwe kwa hoja na vipimo. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mitano, kazi yangu ni ya kuketi ofisini Upper Hill, na Jumapili asubuhi hukimbia kilomita 21 katika msitu wa Karura na barabara za karibu. Jumapili iliyopita nilijipima kimo ukutani mara tu nilipoamka, saa 11 na nusu alfajiri, nikapata sentimita 172.4. Niliporudi kutoka mbioni, saa 3 asubuhi, nilipata 170.7. Nililala chali sakafuni kwa nusu saa, miguu nikiwa nimeiweka juu ya kochi, kisha nikasimama na kupima tena: 171.4. Nilishinda nikitembea shughuli zangu, na saa 10 jioni kipimo kilikuwa 170.5. Asubuhi iliyofuata kilikuwa kimerudi 172.4, kana kwamba hapakutokea kitu.

Naomba kujua mambo mawili. Je, milimita 17 nilizopoteza asubuhi ile zililetwa na mbio? Na je, kurudi huko kwa kimo usiku ni kwa hakika, au kuna kiasi kidogo kinachobaki kimepotea kila wiki bila mimi kukiona?

MzeeWaKaloleni

Kijana, jibu ni rahisi. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, na ndani yake mna maji. Kila unapokanyaga lami, uzito wa mwili unavikamua kama sponji, maji yanatoka, nawe unafupika. Ukilala, sponji inafutuka tena. Kwa hiyo milimita zote 17 ni za mbio, na ukiongeza magoti, ambayo nayo yana gegedu, hesabu inatimia. Nunua viatu vyenye soli nene, na kila jioni jining'inize kwenye chuma kwa dakika kumi. Sisi tulipokuwa vijana tulifanya hivyo na hakuna aliyefupika.

TibaYaViungo

Shikamoo mzee. Umeanza vizuri, lakini nakuomba ruhusa nitofautiane nawe katika mambo mawili, kwa kuwa ndiyo yanayobadilisha jibu. Nimefanya kazi ya tiba ya viungo kwa miaka mingi, na swali hili huletwa na wakimbiaji kuliko watu wengine wote.

La kwanza ni lile la sponji. Sponji hurudi katika umbo lake kwa sababu ya mnyumbuko wake yenyewe, na hurudi karibu mara moja. Kisahani cha uti wa mgongo hakifanyi hivyo. Katikati yake kuna kiini chenye majimaji mazito, ambacho kwa kijana maji ni takriban asilimia 80, na kimezungukwa na pete nyingi za nyuzi ngumu. Ndani ya kiini kuna chembe kubwa za protini na sukari ambazo huvuta maji wakati wote. Unaposimama, uzito unayasukuma maji nje. Chembe zinayavuta yarudi ndani. Yapo mashindano kati ya nguvu hizo mbili saa zote 24, na kimo chako wakati wowote ni matokeo ya mashindano hayo. Watafiti walioingiza kifaa cha kupima shinikizo ndani ya kisahani cha mtu aliye hai walikuta kiasi cha megapaskali 0.1 alipokuwa amelala na 0.5 alipokuwa amesimama wima. Alipoinua mzigo wa kilo 20 akiwa ameinama mgongo, shinikizo lilipita 2. Ndiyo maana usiku chembe hushinda na mchana hushindwa. Maji hayo hayapiti kwenye mshipa wa damu, kwa kuwa kisahani cha mtu mzima hakina mishipa ya damu katikati yake. Hupenya polepole kupitia sehemu za juu na chini zinazogusana na mfupa, na upole huo ndio unaofanya jambo zima lichukue saa badala ya sekunde.

La pili ndilo kubwa zaidi. Kila binadamu hufupika kwa takriban asilimia moja ya kimo chake kuanzia asubuhi hadi usiku, hata asiyekimbia hatua moja. Barua ya mchungaji mmoja Mwingereza aliyeitwa Wasse juu ya tofauti hiyo ilichapishwa na shirika la wanasayansi la London mwaka 1724, na vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kiasi cha milimita 19 kwa wanaume vijana na 15 kwa wanawake. Kinachowashangaza wengi ni mwendo wake: karibu nusu ya upungufu wa siku nzima hutokea katika saa ya kwanza baada ya kutoka kitandani. Sasa tazama vipimo vya ndugu yetu. Alijipima saa 11 na nusu, mara tu alipoamka, visahani vikiwa vimejaa kabisa. Hata angeketi akinywa chai hadi saa 3, bado angekuwa amepoteza milimita nyingi. Kwa hiyo huwezi kuzihesabu zote 17 kuwa za mbio.

Ndugu KaruraAlfajiri, fanya hivi: siku usiyokimbia, jipime saa zilezile, kwa namna ileile, kisha utuletee tofauti. Tofauti hiyo ndiyo sehemu ya mbio.

MamaWaGithurai

Asanteni kwa mjadala huu. Mama yangu mzazi ana miaka 68, na ujana wake wote alibeba kuni na mitungi ya maji kwa mgongo. Picha za zamani zinaonyesha alikuwa mrefu kuniliko, lakini sasa ananifikia sikioni, na mgongo wake umeanza kupinda juu. Tulimpima tukaona amepungua kama sentimita 5 tangu alipopimwa kliniki zamani. Je, akilala muda mrefu mchana na kunywa maji mengi, kimo hicho kitarudi?

TibaYaViungo

Mama, pole, na nakuomba ulitenganishe jambo la mama yako na la mkimbiaji wetu, kwa kuwa yanafanana kwa jina tu. Upungufu tunaouzungumzia hapa hurudi wote au karibu wote baada ya usingizi wa usiku mmoja. Uliodumu kwa miaka, ukafika sentimita 4 au zaidi kuanzia ujanani, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi na ambaye mgongo wake unapinda, unatupasa tuishuku mifupa yenyewe. Pingili iliyodhoofika huweza kubonyea na kuvunjika taratibu, wakati mwingine bila maumivu makali, na pingili iliyobonyea hairudi kwa kulala. Hata sentimita 2 zikipotea kati ya vipimo viwili vilivyofuatana katika miaka michache, ni sababu tosha ya kwenda kuonwa. Mpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei ya uti wa mgongo na aulizwe kuhusu uimara wa mifupa. Usimwongezee muda wa kulala mchana kama tiba, kwa kuwa mifupa huzidi kudhoofika isipotumika.

Hamali_Marikiti

Hamjambo nyote. Mimi ni mchukuzi pale Soko la Wakulima. Malori ya viazi huingia usiku, nasi huanza kushusha kabla ya saa 10 alfajiri. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mgongo wangu unajua kwamba si kila gunia limeisoma sheria hiyo. Mkewe jirani yangu, ambaye ni mshonaji, alinipima siku moja nikitoka kazini akasema nimefupika kuliko suruali aliyonishonea, tukacheka.

Swali langu halinihusu mimi, linamhusu mdogo wangu. Alikwenda kwenye usaili wa kazi ambayo kimo cha chini kilichotangazwa ni sentimita 160. Nyumbani asubuhi tulimpima akapata 160.6. Siku ya usaili aliondoka nyumbani usiku, akasimama kwenye foleni, wakakimbizwa kwanza, na alipopimwa karibu saa 6 mchana aliambiwa ni 159.5 akarudishwa. Je, alionewa, au ni haya mnayoyasema? Na wakati mwingine afanye nini?

Mpimaji_SouthB

Kabla hatujaenda mbali, niulize jambo ambalo kila mmoja analiruka. Mimi ni mpima ardhi, na kazi yangu ni kugombana na makosa ya vipimo. Mtu anaposema amepoteza milimita 7, nataka kujua kifaa chake kinakosea kwa milimita ngapi. Utepe wa chuma uliobandikwa ukutani na kitabu kilichowekwa juu ya kichwa hautatoa kipimo kinachoaminika kwa milimita moja. Kitabu kikiinama kidogo, nywele zikilowa jasho na kulala, kidevu kikiinuka, mabega yakilegea kwa uchovu wa mbio, utapata tofauti ya milimita 3 hadi 5 bila uti wa mgongo kuhusika hata kidogo. Mtu aliyechoka husimama vibaya kuliko aliyeamka sasa hivi, na kosa hilo huelekea upande mmoja tu, upande wa kufupika. Kwa hiyo hata wastani hauliondoi.

TibaYaViungo

Ndugu Mpimaji, umenisaidia kazi. Watafiti wa jambo hili walilazimika kutengeneza kifaa cha kupimia kilichoegemea nyuma kidogo, chenye vitu vya kushika mgongo, shingo na kichwa katika mkao uleule, na wapimwaji walifunzwa kwanza mpaka vipimo vyao vikawa vinatofautiana kwa chini ya milimita moja. Nyumbani hatuwezi kufika huko, lakini tunaweza kupunguza kosa. Visigino, makalio na mgongo wa juu viguse ukuta. Macho yatazame mbele ili tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe katika mstari mmoja wa mlalo. Mtu avute pumzi na kujinyoosha kila mara kwa juhudi ileile. Mwingine ndiye asome kipimo, asijisomee mwenyewe. Na baada ya kila kipimo aondoke ukutani na kurudi upya, mara tano, kisha achukue wastani.

Kuna kosa moja ambalo hata wapimaji wazuri hulisahau, nalo ni nyama ya kisigino. Mtu anapolala, mto wa nyama ulio chini ya kisigino hupumua na kufutuka, na anaposimama huchukua dakika kadhaa kushindiliwa tena na uzito. Anayepimwa sekunde chache baada ya kuinuka huonekana mrefu kwa milimita kadhaa ambazo si za uti wa mgongo. Ndugu KaruraAlfajiri, zile milimita 7 ulizozipata baada ya kulala nusu saa sakafuni bila shaka zina sehemu ya kisigino ndani yake. Simama dakika tatu kabla ya kupima, kila mara, hata alfajiri.

Sasa nimrudie ndugu Hamali. Mdogo wako hakuhitaji kuonewa ili apate kipimo hicho. Aliamka usiku wa manane, akasimama saa nyingi, kisha akakimbia. Kupungua milimita 11 kutoka kimo cha alfajiri hadi saa 6 mchana ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa kimo chake, na mbio pengine zilichangia kidogo tu mwishoni. Waliompima walipima sawa, ila walipima wakati ambapo kila mtu ni mfupi.

Kuhusu wakati mwingine, nitasema ninaloliamini kwa uangalifu. Urejeo huanza haraka sana: mtu akilala chali, magoti yamekunjwa na miguu juu ya kiti, hupata sehemu kubwa ya anachoweza kupata katika dakika ishirini au thelathini za kwanza, na usiku hali ni hiyohiyo, kwani kiasi cha asilimia 70 ya kimo kilichopotea hurudi katika nusu ya kwanza ya usingizi. Lakini kilichopatikana haraka hupotea haraka vilevile. Akisimama nusu saa kwenye foleni baada ya kulala, sehemu nzuri ya faida hiyo imekwisha. Kwa hiyo itamsaidia kulala hadi dakika za mwisho kabla ya kutoka, kuketi kwa kuegemea kwenye matatu badala ya kusimama, na kulala nyasini panaporuhusiwa. Pamoja na hayo, mwenye 160.6 ya alfajiri anashindana na saa, na siwezi kumwahidi.

Hamali_Marikiti

Nimekuelewa. Pale uwanjani hawaruhusu mtu kulala, hata kuketi ni kwa kificho. Lakini umenipa wazo jingine. Kama visahani vinajaa usiku, basi sisi tunaoinua magunia saa 10 alfajiri tunaviinulia mzigo vikiwa vimejaa kabisa. Je, hilo ni jema au baya? Mimi mgongo huniuma zaidi gunia la kwanza kuliko la mwisho.

TibaYaViungo

Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu. Kisahani kilichojaa ni kigumu kukunjika. Ukiinama alfajiri, pete zake za nyuma na kano zinazoshika pingili huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko ukiinama vilevile mchana, baada ya maji kiasi kutoka. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ambamo watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waliagizwa wasiiname katika saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Wewe huwezi kumwambia mwenye lori asubiri. Ila unaweza kuamka saa nzima kabla ya gunia la kwanza, utembee kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, na kwa magunia ya mwanzo uwe unapokea begani kutoka juu ya lori, usiokote chini.

Kisha kuna jambo la hesabu linalokuhusu wewe na mkimbiaji wetu pia. Mzigo mzito hufupisha mtu haraka, na unavyozidi kuwa mzito ndivyo kasi inavyoongezeka. Lakini maji yanayoweza kutoka yana kikomo, kwa sababu kadiri yanavyopungua ndivyo chembe zilizobaki zinavyobanana na kuvuta kwa nguvu zaidi. Mazoezi ya uzito yaleyale humfupisha mtu zaidi yakifanywa asubuhi kuliko usiku, kwa kuwa usiku tayari kimetoka kiasi kikubwa. Hata katika mbio zenyewe, robo saa ya kwanza hufupisha kuliko ya pili, na anayekimbia kwa kasi hufupika kuliko anayekwenda polepole. Hivyo anayebeba mzigo alfajiri hufika mapema mahali ambapo karani angefika jioni, kisha akaongeza kidogo.

KaruraAlfajiri

Nimerudi na vipimo. Jumapili hii sikukimbia. Mke wangu alinipima, mara tano kila wakati, nikiwa nimesimama dakika tatu kwanza. Saa 11 na nusu alfajiri wastani ulikuwa 172.2. Nikafua nguo kidogo, nikaketi, nikasoma gazeti. Saa 3 asubuhi wastani ulikuwa 171.1, na saa 10 jioni 170.6.

Kwa hiyo, bila kukimbia, nilipoteza milimita 11 hadi saa 3, dhidi ya 17 za siku ya mbio. Tofauti ni milimita 6 kwa kilomita 21, na nikimsikiliza ndugu Mpimaji, huenda ni 3 na huenda ni 8. Kilichonishangaza zaidi ni jioni: siku ya mbio 170.5, siku ya kuketi 170.6. Zimekaribia kulingana.

Mpimaji_SouthB

Milimita moja kwa utepe wa ukutani ni sawa na sifuri. Na kumbuka kwamba siku ya mbio hukusimama dakika tatu, kwa hiyo 172.4 yako ya alfajiri ina kisigino kilichofutuka ndani yake, na hapo tofauti ya milimita 6 inapungua tena. Ningetaka uirudie siku ya mbio kwa utaratibu huu mpya kabla ya kuandika tarakimu yoyote.

MzeeWaKaloleni

Mmeshinda kuhusu mbio, nimekubali kwa sasa. Lakini la kujining'iniza sijaliacha. Mtu akijining'iniza, mzigo unaondoka kwenye uti, na nyie wenyewe mmesema mzigo ukiondoka maji yanarudi.

TibaYaViungo

Mzee, katika hilo una haki. Uti unaovutwa au usio na mzigo hurudisha kimo, na wanaanga, ambao hukaa miezi bila uzito, hurefuka kwa sentimita kadhaa huko angani. Lakini mikono huchoka kabla visahani havijanufaika sana, na wanaanga wenyewe hurudia kimo chao cha kawaida muda mfupi baada ya kushuka. Kulala chali kunafanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi, bila kuumiza mabega. Magoti nayo hubonyea kidogo sana, chini ya kile ambacho utepe wetu unaweza kuona.

Kuhusu swali la pili la ndugu KaruraAlfajiri, kama kimo cha alfajiri kimerudi palepale siku iliyofuata, hakuna deni lililobaki la kupimika. Jipime alfajiri mara moja kila baada ya miezi kadhaa, saa ileile baada ya usingizi wa muda uleule; hicho ndicho kipimo cha kufuatilia, cha jioni hakifai. Jambo ambalo wataalamu bado wanabishania ni kama ukubwa wa kufupika unahusiana na maumivu. Wakimbiaji wenye maumivu ya mgongo walipolinganishwa na wasio nayo, hawakufupika zaidi. Kwingine imeonekana kwamba wenye maumivu sugu hurudisha kimo polepole wanapopumzika, pengine kwa sababu misuli ya mgongo wao hailegei hata wakilala, na misuli iliyokaza huendelea kuubana uti.

Hamali_Marikiti

Basi nami nitajipima alfajiri, nikiamka tu na kusimama hizo dakika tatu, na tena nikimaliza malori. Ila niulize: mimi hulala saa nne tu usiku, na mbili mchana. Nusu ya kwanza ya usingizi wangu ni saa mbili. Kimo hurudi kwa kufuata saa nilizolala, au mwili unajua kwamba usingizi wangu ni mfupi?

TibaYaViungo

Visahani havijui umelala au uko macho, vinajua mzigo tu. Asilimia 70 niliyoitaja ilitokana na watu waliolala usiku kamili, kwa hiyo usiigawanye kwa saa zako nne. Utarudisha sehemu kubwa, lakini sitarajii uanze kazi ukiwa umejaa kama aliyelala saa nane. Hizo saa mbili za mchana zihesabu pia. Leta vipimo vyako tuvione, na umwombe mshonaji akupimie ukiwa bila viatu.